Taarifa kwa wateja kuhusu hitilafu ya Ijumaa usiku: maagizo yaliyochelewa, malipo yaliyojirudia na malipo ambayo hayajathibitishwa

Karani wa Maagizo (mwanzisha uzi)

Asalaam aleikum na habari za leo, ndugu zangu. Mimi ni msimamizi wa maagizo katika duka la vyakula na vifaa vya nyumbani hapa Mombasa, lile ambalo wengi wenu mnaagiza kwa simu na kuletewa mlangoni. Jina la duka silitaji kwa sababu sikuja kutangaza biashara. Taarifa ifuatayo inatumwa kwa kila mteja aliyeguswa, lakini nimeona niiweke hapa mapema, kwanza kwa kuwa wateja wetu wengi wamo humu, na pili kwa kuwa napenda kuulizwa maswali kabla haijasambaa. Mkiona mahali pamefumbwa, semeni.

*Ndugu mteja,*

*Ijumaa iliyopita, kuanzia saa moja usiku hadi saa tatu kasorobo, mfumo wetu uliendelea kupokea maagizo na kuwaomba wateja malipo, lakini haukuweza kupokea taarifa za kuwa malipo hayo yamefanyika. Kwa hiyo mteja aliyeweka namba yake ya siri, akakatwa fedha na kupata ujumbe wa M-Pesa kama kawaida, aliendelea kuona agizo lake limeandikwa "Inasubiri malipo". Saa tatu kasorobo tulipobaini hali hiyo tuliufunga ukurasa wa maagizo kabisa, na tukaufungua tena saa nne na nusu usiku. Kosa ni la upande wetu; wewe hukukosea, na simu yako haikuwa na tatizo.*

*Ikiwa ulilipa mara moja na agizo lako bado linaonyesha "Inasubiri malipo", tafadhali usilipe tena. Fedha zako zimo katika taarifa ya akaunti yetu na tunaziunganisha na agizo lako. Utapata ujumbe wenye namba ya agizo na namba ya muamala wa M-Pesa, ile yenye herufi na tarakimu 10, ili uilinganishe na iliyomo kwenye simu yako.*

*Ikiwa ulilipa zaidi ya mara moja kwa agizo moja, tutabaki na malipo ya kwanza na kuyarudisha yaliyofuata, kila moja kwa kiasi chake kamili. Fedha zitarudi kwenye akaunti ileile iliyolipa, wala hazitatumwa kwenye namba nyingine yoyote, hata ukituomba.*

*Ikiwa ulilipa kwa kuandika mwenyewe namba yetu ya Paybill, na mahali pa akaunti hukuandika namba ya agizo, tunakuomba ututumie namba ya muamala pekee. Hatutakuomba namba yako ya siri, wala hatutakutaka utume shilingi yoyote ili urudishiwe fedha.*

*Maagizo yaliyolipiwa katika muda huo hayakuingia kwenye orodha ya kufungasha ya Jumamosi asubuhi, ndiyo maana hayakufika. Yatafungashwa kwa kufuata saa ambayo fedha ziliingia, si saa ambayo sisi tulizithibitisha. Bidhaa zinazoharibika, yaani samaki, nyama, maziwa na mboga, hazitapelekwa kwa agizo la zamani: fedha zake zitarudishwa, isipokuwa mteja atuambie kabla ya Jumanne saa kumi na mbili jioni kuwa anataka zilizo mpya.*

Hiyo ndiyo taarifa yenyewe. Karibuni.

Mama Bombolulu

Mwanangu, nimeisoma mara mbili, na nilichoelewa ni kwamba oda yangu imefutwa. Mimi sikuagiza samaki. Niliagiza mchele wa biriani, mafuta na sabuni, tena niliagiza vikapu viwili vilivyo sawasawa kabisa, kimoja changu na kimoja cha mamangu aliyeko Likoni. Nimelipa mara mbili, na nimelipa kwa haki. Sasa mnaposema mtabaki na malipo ya kwanza na kurudisha ya pili, mamangu atakula nini?

Karani wa Maagizo

Bi mkubwa, shikamoo. Oda yako haikufutwa, wala hakuna oda ya vitu vikavu iliyofutwa. Lakini umetupa mfano ambao nilikuwa nauogopa. Jumamosi asubuhi kijana wetu wa hesabu alianza kuyatafuta malipo yaliyojirudia kwa kuangalia namba moja ya simu na kiasi kimoja ndani ya nusu saa, na jina lako lilikuwamo katika orodha yake ya kwanza ya watu wa kurudishiwa. Tulipoangalia namba za maagizo tukaona ni mbili tofauti, na anwani mbili tofauti, moja ng'ambo ya feri. Tangu hapo tumeacha kutumia kiasi cha fedha kama kipimo. Malipo yamejirudia pale tu ambapo mawili yanaelekea kwenye namba moja ya agizo. Vikapu vyako vyote viwili vimeshalipiwa na vitafika.

Mama Bombolulu

Marahaba. Basi andikeni hivyohivyo, kwa maana "zaidi ya mara moja" mimi nimejiona nimo.

Kijana wa Tudor

Mbona mnajizungusha? Mtu aliyelipa mara mbili aupeleke ule ujumbe wa M-Pesa wa malipo ya pili kwenda 456, fedha zinarudi, na habari imekwisha. Mimi nilikosea namba mwaka jana nikatuma shilingi 1,500 kwa mtu nisiyemjua, nikapeleka ujumbe 456, na nikarudishiwa siku hiyohiyo. Hakuna haja ya kusubiri duka lifanye hesabu zake.

Fundi wa Seva

Ndugu wa Tudor, upo sahihi kwa nusu. Kwa fedha zilizotumwa kwa mtu kimakosa, 456 ndiyo njia. Kwa malipo ya biashara, kupeleka ujumbe huko kunafungua ombi ambalo litashughulikiwa. Hakuna anayekuhakikishia kuwa fedha zitarudi papo hapo. Tena ombi hilo, katika hali kama hii, lina madhara yake. Mimi ndiye niliyeitwa kuufufua mfumo huu Ijumaa usiku, kwa hiyo nizungumzie nilichokiona.

Mteja mmoja wa Nyali alilipa mara mbili kwa agizo 4417, la shilingi 2,340. Aliomba mwenyewe malipo yarejeshwe, lakini kwa haraka akauchukua ujumbe wa malipo ya kwanza badala ya ule wa pili. Sisi wakati huohuo tulikuwa tumeyaweka malipo ya pili kwenye orodha yetu ya kurudisha. Kama maombi yote mawili yangepita, agizo lingebaki bila malipo hata moja, bidhaa zingerudishwa rafuni, na yeye angekuja kutuuliza kwa nini tumemfutia oda aliyoilipia mara mbili. Tulimpigia simu tukaelewana kabla halijafika huko. Kwa hiyo ombi langu kwa Karani ni kwamba taarifa iseme wazi: aliyekwisha kuomba urejesho mwenyewe atuarifu, na ambaye hajaomba asiombe mpaka tumalize orodha.

Karani wa Maagizo

Naongeza. Hilo sikuwa nimeliandika kabisa.

Msomaji wa Makupa

Fundi, kabla hujaondoka, tueleze kilichotokea hasa. Taarifa inasema mfumo "haukuweza kupokea taarifa". Nimezoea kusikia maneno kama hayo kila penye hitilafu na sijawahi kuelewa maana yake. Fedha zilitoka kwangu, M-Pesa wakanijibu, na duka halijui. Inawezekanaje?

Fundi wa Seva

Unapobonyeza "Lipa" kwenye ukurasa wa duka, duka linatuma ombi, na kile kisanduku cha kuweka namba ya siri kinajitokeza kwenye simu yako. Duka hapo linapewa namba ya ombi tu, inayoitwa `CheckoutRequestID`. Halijui kama umelipa au umekataa. Jibu linakuja baadaye kwa njia nyingine, M-Pesa wanapolipigia duka mlango kwenye anwani ambayo duka lenyewe limewapa, na kuacha pale taarifa ya matokeo. Ujumbe unaoupata wewe kwenye simu na taarifa inayoletwa dukani ni mambo mawili yanayosafiri njia mbili, na moja inaweza kufika bila ya nyingine.

Kwetu anwani ya kupokelea matokeo ni tofauti na anwani ya ukurasa wa duka, na kila moja ina cheti chake cha usalama. Cheti cha ukurasa kilihuishwa kwa wakati wake. Cha mlango wa matokeo kiliisha muda saa moja usiku siku ya Ijumaa, na mtu aliyekuwa akipokea barua pepe za kukumbushwa aliacha kazi miezi kadhaa iliyopita. Cheti kikiisha, anayekuja kuleta taarifa hukataa kuiacha, na ana haki ya kukataa, kwa kuwa hawezi kuwa na hakika kwamba anayefungua mlango ndiye mwenye nyumba. Maombi yaliendelea kutoka na watu wakaendelea kulipa, ila majibu yote yaligonga mlango uliofungwa. Ndiyo maana kengele zetu hazikulia. Zilikuwa zimewekwa kuangalia kama ukurasa uko hewani, na ukurasa ulikuwa hewani wakati wote.

Tulijua kwa sababu ya mwanamke mmoja wa Mji wa Kale aliyepiga simu mara tatu, mara ya tatu akiwa na hasira.

Msomaji wa Makupa

Na kwa nini msingoje tu zile taarifa ziletwe tena baada ya kukihuisha cheti?

Fundi wa Seva

Kwa sababu taarifa iliyokosa mahali pa kufikia huwezi kukaa ukaitegemea irudi yenyewe. Ni wewe unayepaswa kwenda kuuliza. Tulikuwa na namba za maombi yote tuliyoyatuma, kwa hiyo tuliuliza moja baada ya nyingine. Lile agizo 4417 lilijibiwa hivi:

```
4417  19:22  ResultCode 0
4417  19:24  ResultCode 1037
4417  19:31  ResultCode 0
```

Sufuri ni malipo yaliyokamilika. 1037 ni simu ambayo haikupatikana au haikujibu kwa wakati. Mteja huyu, basi, alilipa saa moja na dakika 22 usiku. Ukurasa ukaendelea kuzunguka, akabonyeza tena dakika mbili baadaye, lakini hakukijibu kisanduku kwa kuwa alikuwa akiusoma ujumbe wa malipo ya kwanza. Kisha akaona agizo bado linasubiri, akakata tamaa, akalipa tena saa moja na dakika 31. Tunabaki na ya 19:22 na kurudisha ya 19:31. Hilo la katikati halina fedha ndani yake, ingawa mteja alipopiga simu alisisitiza kwamba alilipa mara tatu. Hakuwa akisema uongo. Visanduku alivyoviona vilikuwa vitatu kweli.

Mtakutana pia na 1032, ambayo ni mteja aliyebonyeza kukataa. Lakini majibu haya hatukuyafanya neno la mwisho. Neno la mwisho ni taarifa ya akaunti ya biashara, ile inayoorodhesha kila shilingi iliyoingia na namba yake ya muamala. Agizo haliandikwi "Limelipwa" mpaka namba ya muamala ionekane humo.

Mkaazi wa Mtwapa

Mimi nina jambo ambalo taarifa yenu haikuligusa. Nililipa shilingi 1,850 kutoka kwenye salio langu. Ukurasa ukakwama kama mnavyoeleza. Nikalipa tena, na safari hii salio lilikuwa halitoshi, kwa hiyo Fuliza ikajazia. Kuna ada ya asilimia 1 ya kuichukua, kisha kuna ada ya kila siku kwa kadiri ya deni. Leo ni siku ya tatu. Mkinirudishia hiyo 1,850 "kwa kiasi chake kamili" kama mlivyoandika, fedha ikiingia tu inalipa Fuliza kwanza, na kinachobaki mkononi ni pungufu ya kile nilichokuwa nacho kabla ya kosa lenu. Mnasema kosa ni la upande wenu. Basi ni la nani hasa?

Kijana wa Tudor

Lakini Fuliza uliichukua mwenyewe. Duka halikukulazimisha kulipa mara ya pili.

Mkaazi wa Mtwapa

Kijana wangu, ukurasa uliniandikia kwa herufi nzito kwamba agizo linasubiri malipo na kitufe cha "Lipa" kikabaki wazi. Hilo kwangu ni kuambiwa lipa.

Karani wa Maagizo

Mzee wangu, hoja yako ina uzito na sitaki kuijibu kwa haraka. Ninachoweza kukuhakikishia leo ni hiki: malipo yaliyojirudia ambayo mteja anatuambia yalitumia Fuliza yamepandishwa juu ya orodha, ili ada ya kila siku isiendelee kula. Yako yamerudishwa asubuhi hii. Tafadhali tazama simu yako. Kuhusu ada uliyokwisha kukatwa, mimi binafsi naona duka linapaswa kuilipa. Mwenye duka anauliza tutaijuaje, kwa sababu katika taarifa ya akaunti yetu malipo ya Fuliza na malipo ya salio yanaonekana sawa kabisa. Nimependekeza mteja atuonyeshe ujumbe wa Fuliza wa muamala ule pekee, na tumrudishie ada kama malipo madogo ya peke yake. Sijapata jibu.

Mkaazi wa Mtwapa

Nimeiona. Imeingia 1,850, na Fuliza imechukua chake palepale kama nilivyosema. Nasubiri hilo jibu.

Msafiri wa Feri

Na mimi niulize kwa niaba ya mama yangu. Aliagiza changu na tasi kilo tatu kwa ajili ya wageni wa Jumamosi, na nikamlipia mimi kutoka Nairobi, kwa namba yangu. Samaki hawakuja, wageni wamekula ndengu, na mama amenuna. Sasa taarifa inasema fedha zitarudi kwa aliyelipa. Mama ameshaniuliza mara mbili kama fedha zake "zimerudi", kwa sababu kwa hesabu yake zile nilishampa. Je, haiwezekani mkazituma kwenye simu yake?

Karani wa Maagizo

Haiwezekani, na naomba uniwie radhi, lakini hilo ndilo sharti ambalo sitalilegeza hata kwa mama mzazi wa mtu. Urejesho tunaoufanya unafuata namba ya muamala; hatuandiki namba ya simu popote. Fedha inapita njia iliyokuja nayo, hadi kwa aliyelipa. Tukianza kutuma kwa namba tunazoandikiwa na watu, basi yeyote aliyeuona ujumbe wako wa M-Pesa anaweza kutupigia na kusema "mimi ndiye, nitumie huku". Ukishazipata wewe, mpelekee mama. Au tuandikie kabla ya Jumanne jioni kwamba mnataka samaki wapya, nasi tutawachukua sokoni asubuhi ileile watakayopelekwa. Kama bei imepanda, tofauti ni juu yetu. Ikiwa imeshuka, tofauti itakufikia kama malipo mapya.

Msafiri wa Feri

Nitamuuliza. Najua atasema fedha.

Mwalimu wa Kisauni

Mimi nililipa kwa kadi, na benki yangu inaonyesha shilingi 3,200 mara mbili. Zote mbili zimeandikwa kuwa zinashughulikiwa. Mbona kwenye taarifa hamna neno hata moja kuhusu kadi? Na niongeze kwamba mwaka juzi nilinunua tokeni za umeme kupitia programu moja, nikakatwa mara mbili, na nilifuatilia miezi miwili. Kwa hiyo nisameheni nikiwa na wasiwasi.

Fundi wa Seva

Mwalimu, malipo ya kadi yaliguswa kidogo sana usiku ule, lakini ni kweli hatukuyataja, na hilo ni pungufu letu. Kwa kadi, benki kwanza hukizuia kiasi hicho kwenye akaunti yako kisha hukikabidhi kwa duka baadaye, duka likithibitisha. Nimeangalia agizo lako: tumethibitisha moja tu, na ile nyingine tumeifuta bila kuichukua. Unaloliona ni zuio ambalo benki bado haijaliachia, na muda wa kuliachia uko mikononi mwao. Huwa ni siku kadhaa. Kwa hiyo usitarajie kuona mstari mpya wa fedha zilizoingia. Ule mstari wa pili utatoweka wenyewe na salio lako linaloweza kutumika litaongezeka. Ukigeuka ukawa umekamilika badala ya kutoweka, tuandikie siku hiyohiyo, maana hapo litakuwa jambo jingine.

Mwalimu wa Kisauni

Nimekuelewa. Nitaangalia kila jioni.

Mama Bombolulu

Karani, nipo tena. Sasa hivi nimepigiwa simu na mtu aliyejitambulisha kuwa ni wa dukani kwenu. Amesema nimelipa mara mbili na kwamba fedha zangu "zimekwama", kwa hiyo nitume shilingi 200 ili zifunguke. Alijua jina langu la kwanza. Nimemwambia mimi sikulipa mara mbili kimakosa, nimelipa vikapu viwili, akakata simu.

Karani wa Maagizo

Bi mkubwa, umefanya vyema mno. Sisi hatukukupigia. Hatuna ada ya kufungulia fedha, na urejesho hauhitaji mteja abonyeze chochote wala ataje chochote. Tulipowapigia wateja kadhaa, tuliwatajia sisi namba ya agizo na namba ya muamala, hatukuwauliza wao. Hicho ndicho kipimo cha kumjua aliye wetu kweli. Naomba namba iliyokupigia uitume kwangu faraghani, usiiweke hapa.

Kwa maoni haya nimeiandika upya sehemu ya katikati ya taarifa. Itakayotumwa jioni hii inasomeka hivi:

*Malipo yanahesabiwa kuwa yamejirudia pale tu ambapo malipo mawili au zaidi yameingia kwa namba moja ya agizo. Ikiwa uliagiza mara mbili kwa makusudi, hata kama bidhaa na bei ni zilezile, maagizo yako yote mawili yatafika na hakuna kitakachorudishwa. Ikiwa kisanduku cha malipo kilijitokeza mara kadhaa, tunahesabu yale malipo tu yaliyokupatia ujumbe wa M-Pesa wenye namba ya muamala.*

*Tafadhali usiombe mwenyewe urejesho wa malipo haya kwa sasa. Ikiwa umekwisha kuomba, tuandikie namba ya muamala uliyoiombea, ili tusirudishe malipo yote mawili na kuliacha agizo lako bila malipo. Urejesho wote wa M-Pesa tunakusudia kuumaliza kufikia Jumatano jioni. Ikiwa malipo yaliyojirudia yalitumia Fuliza, tuambie ili tuyatangulize. Waliolipa kwa kadi wataona kiasi cha pili kikitoweka kwenye orodha ya benki yao, bila kuona fedha mpya zikiingia.*

Msomaji wa Makupa

Hii inasomeka. Swali moja: kwa nini Jumatano? Mambo ya kompyuta yangeisha kwa saa moja.

Fundi wa Seva

Kwa sababu ya fedha zenyewe. Urejesho unatoka kwenye akaunti ya biashara ya M-Pesa, na akaunti hiyo kila usiku huhamishiwa benki. Tuliporudisha kundi la kwanza Jumapili, baadhi yalikataliwa kwa kuwa salio lilikuwa halitoshi, ingawa fedha za wateja zipo salama benki. Tumesimamisha uhamisho huo mpaka orodha iishe, na tunarudisha kwa mafungu. Kila urejesho unasomwa na watu wawili kabla haujabonyezwa. Naona ni afadhali siku mbili zaidi kuliko kumrudishia mtu ambaye hakulipa mara mbili, halafu kuanza kumdai.

Kijana wa Tudor

Sawa, nimekubali kuhusu 456. Lakini mngekiondoa kile kitufe cha "Lipa" wakati ombi la kwanza halijajibiwa, haya yote yasingetokea.

Fundi wa Seva

Hapo umesema kweli tupu. Tangu jana agizo moja haliwezi kuwa na maombi mawili yaliyo wazi. Ukibonyeza tena, mfumo kwanza unakwenda kuuliza lile la mwanzo lilifikia wapi, na mpaka upate jibu, kitufe hakipo. Cheti nacho sasa kinajihuisha chenyewe, na kengele inakiangalia ikiwa zimebaki siku 20.

Karani wa Maagizo

Nimebakiwa na malipo saba ambayo sijayapatia wenyewe. Yaliandikwa kwa mkono kwenye Paybill, na namba za simu za walipaji hutufikia zikiwa zimefichwa tarakimu za katikati, kwa hiyo siwezi kuwapigia. Mahali pa akaunti mmoja ameandika "mchele", mwingine "asante", na wawili wameandika majina ya mitaa. Kiasi cha yule wa "mchele" kinalingana na maagizo mawili tofauti ya Changamwe, na sitaki kubahatisha. Kama ulilipa Ijumaa baada ya saa moja usiku kwa kuandika mwenyewe, na hujapata ujumbe wetu mpaka sasa, nitumie faraghani zile herufi na tarakimu 10. Usiniandikie hapa hadharani, na kiasi usinitajie, nitakutajia mimi.

Msafiri wa Feri

Nimemuuliza mama. Amesema fedha.

Karani wa Maagizo

Zimo kwenye fungu la kesho asubuhi. Msalimie, na umwambie tunamwomba radhi kwa wageni wake.

Mkaazi wa Mtwapa

Na ada yangu ya Fuliza?

Karani wa Maagizo

Bado sijajibiwa, mzee wangu. Mwenye duka anarudi kutoka Malindi kesho, na ujumbe wako wa Fuliza nimeuchapisha na kuuweka mezani kwake.